Kosa ni la Moto, Si la Ngozi

Kuna amri moja ya jikoni ambayo karibu kila anayekaanga soseji ameipokea bila kuihoji: itoboe kwa uma kabla hujaitia kwenye mafuta, la sivyo itapasuka. Mama humwambia binti yake, na mpishi wa mkahawa humwambia kijana anayejifunza kazi. Amri ya pili hufuatana nayo: mafuta yawe yamepata moto hasa, ili soseji ishike rangi upesi. Nazipinga zote mbili, na nazipinga kwa pamoja, kwa kuwa ile ya kwanza ipo kwa ajili ya kufidia madhara ya ile ya pili. Soseji haipasuki kwa kukosa matundu. Hupasuka kwa sababu imepigwa moto kuliko ngozi yake inavyoweza kustahimili, na ukipunguza moto huo uma hauna kazi tena.

Nazungumzia soseji mbichi: zile za ng'ombe, kuku au nguruwe zinazotoka kwenye friza la duka, yaani nyama ya kusaga iliyotiwa viungo ikajazwa ndani ya ngozi. Smoki ni jambo jingine. Hiyo imekwisha kupikwa na kufukizwa moshi kiwandani, na muuzaji wa barabarani anayeipasua kwa kisu akaijaza kachumbari hakosei hata kidogo, kwa sababu anachofanya ni kuipasha moto. Tatizo huja pale tunapoishughulikia soseji mbichi kana kwamba nayo imekwisha kuiva.

Tuanze na ngozi yenyewe, kwa maana wanaotoboa huizungumzia kana kwamba ni mfuko wa plastiki uliofungwa. Ngozi ya soseji ni kolajeni, protini ile ile inayofanya kano za nyama ziwe ngumu kutafuna. Ikiwa ni ya asili, ni utando wa utumbo wa kondoo au nguruwe uliokwanguliwa na kusafishwa. Ikiwa ni ya kiwandani, mara nyingi kolajeni hiyo imetolewa kwenye ngozi ya ng'ombe, ikapondwa na kuundwa upya kuwa mrija mwembamba. Ya asili au ya kiwandani, hupitisha mvuke wa maji na moshi. Ndiyo maana soseji inaweza kufukizwa ikiwa imeshajazwa, na harufu ya moshi ikafika hadi kwenye nyama. Ndiyo maana pia soseji za kukausha hupoteza maji polepole kupitia ngozi yote. Tena kila soseji ina ncha mbili zilizosokotwa, na ukishazitenganisha kwa mkasi, ncha hizo huachia unyevu kidogo kidogo wakati wa kupika. Lile povu jeupe unaloliona likijitokeza kwenye ncha baada ya dakika chache ni maji na protini vikitafuta njia, na njia vimeipata bila msaada wa uma.

Basi kwa nini ipasuke? Kolajeni ina tabia ya kusinyaa ikipata joto, na husinyaa kwa nguvu inapovuka nyuzi 60 za sentigredi. Wakati huo huo, kilichomo ndani kinataka nafasi zaidi. Mafuta yanayeyuka na kutanuka, na maji yakifika nyuzi 100 yakageuka mvuke, huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Ni shati lililorudi baada ya kufuliwa, likavalishwa mtoto ambaye naye ameongezeka mwili. Mambo haya mawili yakienda taratibu, ngozi hupata muda wa kulainika, unyevu hupata muda wa kupenya, na nyama ya ndani hushikana ikawa imara kabla shinikizo halijawa kubwa. Yakienda kwa ghafla, tabaka jembamba la nyama lililo chini kabisa ya ngozi huchemka na kutoa mvuke huku kiini kikiwa bado baridi. Mvuke huo haupati muda wa kupenya, nayo ngozi imekwisha kukakamaa. Hapo ndipo unaposikia mlio, na ufa unafunguka kutoka ncha hadi ncha.

Sasa tazama tundu la uma linafanya nini katika hali hiyo. Kitu chochote kilichovutwa kikakaza huchanikia pale palipo na dosari, na mwenye uma amekwisha kukitengenezea dosari tatu au nne kwa kila mchomo. Ichunguze soseji iliyotobolewa ikatiwa kwenye mafuta makali: mara nyingi ufa umepita tundu hadi tundu, kwa mstari ule ule wa meno ya uma. Nakubali kwamba wakati mwingine matundu huokoa soseji isifumuke kwa kishindo. Lakini huiokoa kwa gharama gani? Mafuta na maji ya nyama, ambavyo ndivyo vyenye ladha na ndivyo vinavyoifanya isikauke mdomoni, huvuja kabla nyama haijashikana. Vikikutana na mafuta ya moto huruka, vikakuchoma mkono na kuchafua ukuta. Mwisho wake unapata soseji nyembamba, yenye mikunjo, kavu ndani, na ngozi ngumu kama ilivyokuwa ikiogopwa. Mpishi huyo ameepuka mlipuko mmoja mkubwa kwa kukubali hasara ndogo ndogo nyingi, wakati angeweza kuepuka vyote.

Kuna tundu moja tu ninalolikubali. Mtengenezaji wa soseji anapojaza nyama, hewa huweza kunaswa chini ya ngozi, na kipovu chake huonekana kwa macho. Huyo huchukua sindano nyembamba na kukitoboa kipovu hicho pale pale, soseji ikiwa mbichi na baridi, kisha nyama hujisogeza na kulijaza pengo. Ukiliona pengo la namna hiyo kwenye soseji uliyonunua, fanya hivyo hivyo kwa sindano. Kuchoma uma kila upande, kwenye ngozi iliyoshikana vizuri na nyama, hakuna uhusiano wowote na kazi ya fundi huyo.

Amri ya pili, ile ya moto mkali, inatetewa kwa hoja kwamba huivisha upesi. Hoja hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa maana inachanganya rangi na kuiva. Joto hupita ndani ya nyama kwa mwendo wake, na mwendo huo unategemea zaidi unene kuliko ukali wa moto. Unene ukiongezeka mara mbili, muda wa joto kufika katikati huongezeka karibu mara nne. Ngozi kwa upande wake iko pale pale kwenye chuma, na ikifika karibu nyuzi 140 huanza kubadilika rangi kwa kasi kwa sababu ya mwingiliano wa protini na sukari ambao mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Kwa hiyo ukiongeza moto, unaiharakisha sana ngozi na unakiharakisha kidogo tu kiini. Katika mafuta ya nyuzi 180, soseji nene itakuwa kahawia iliyokolea baada ya dakika chache, na katikati yake nyama bado inaweza kuwa vuguvugu na laini kama ilivyotoka kwenye friji.

Na soseji si kipande cha steki. Kwenye kipande kizima cha nyama, vijidudu vingi hukaa juu, mahali moto unapopiga kwanza. Nyama ikishasagwa, kilichokuwa juu kimechanganywa kote, na kiini cha soseji kinaweza kubeba kile kile kilichokuwa kwenye uso wa nyama buchani. Kwa soseji ya nguruwe kuna pia suala la minyoo ya tegu, ambalo wafugaji na wakaguzi wa nyama wa nchi zetu wanalijua vizuri. Kwa hiyo anayesema "imeshika rangi, imeiva" anatoa hukumu juu ya sehemu ambayo hajaiona.

Sasa nieleze kwa mfano mmoja namna inavyofanyika. Tuseme una soseji sita za ng'ombe, unene wake sentimita mbili na nusu hivi, na jiko la gesi lenye plate kubwa na ndogo. Usiku uliotangulia umezitoa kwenye friza na kuziweka sehemu ya chini ya friji, ndani ya bakuli. Hili si la kupuuzwa. Soseji iliyoganda huungua nje huku barafu ikiwa katikati, na maji ya barafu inayoyeyuka huifanya irushe mafuta. Asubuhi zitenganishe kwa mkasi katikati ya msokoto, ukiacha kijipande cha msokoto kila upande ili nyama isijisukume nje. Usizioshe. Zipanguse kwa tishu ya jikoni mpaka ngozi iwe kavu, kwa kuwa ngozi yenye maji hung'ang'ania chuma na haiwezi kuwa kahawia mpaka maji hayo yaishe.

Chukua kikaango kizito. Cha chuma cha kusubu ndicho bora, na hata sufuria yenye kitako kinene hufaa. Kikaango chembamba cha alumini hupeleka moto wote mahali pamoja, juu ya mwali tu. Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta na uyapake chini yote. Kisha panga soseji zikiwa zimeachana upana wa kidole, kikaango kikiwa bado baridi. Ndiyo, baridi. Hapa ndipo watu wanapokunja uso, maana tumefundishwa kwamba chakula kikitiwa kwenye chombo baridi hunyonya mafuta. Soseji haina cha kunyonya: ni yenyewe inayotoa mafuta, na ikianza kwenye baridi hutoa kidogo kidogo, yakawa ndiyo mafuta ya kujikaangia.

Washa plate ndogo, kisha ushushe mwali hadi karibu na chini kabisa. Dakika tatu nne za mwanzo hutasikia kitu cha maana, na wengi hukata tamaa wakaongeza gesi. Usiongeze. Mlio unaoutafuta ni mchemko mwepesi wa mfululizo, wa chini kiasi kwamba unaweza kuzungumza juu yake bila kupaza sauti. Ukisikia vishindo vya hapa na pale, mafuta yakiruka, moto umezidi. Inua kikaango utoe kwenye mwali kwa nusu dakika, punguza, kisha rudisha. Jicho nalo lina kazi yake. Ngozi iliyo salama hutanuka ikawa nyororo na kung'aa. Ngozi iliyo karibu kupasuka huwa na malengelenge madogo, au hukaza mpaka ikawa inapenyeza mwanga upande mmoja. Ukiona hivyo, geuza upande huo juu mara moja, uuache upoe.

Kugeuza ndiko kunakofanya kazi ambayo watu wameipa uma. Soseji ni ya duara, na chini yake hugusa chuma kwa mstari mwembamba tu. Mstari huo ukiachwa dakika tano, hupata joto lote peke yake, ukakauka, ukakakamaa, na ndipo ufa unapoanzia. Igeuze robo mzunguko kila baada ya dakika mbili hivi, kwa koleo au kwa miiko miwili ya mbao. Usitumie uma hata kwa kugeuzia. Mara mbili za mwanzo, kabla ya kugeuza, tikisa kikaango kidogo. Soseji inayosogea yenyewe iko tayari. Ile iliyong'ang'ania isivutwe, kwa maana ngozi nyingi huchanika kwa kung'olewa kwenye chuma, kisha lawama ikatupiwa mvuke. Ipe nusu dakika nyingine, itaachia. Soseji yenye ngozi ya asili hujipinda, na upande wake wa ndani hukataa kukaa chini. Iegemeze kwenye ukingo wa kikaango au kwenye mwenzake.

Kufikia dakika ya nane zitakuwa zimepauka na kuwa ngumu kidogo, rangi ikiwa ya dhahabu kwa mistari. Kufikia dakika ya kumi na mbili mistari imekutana. Kati ya dakika ya kumi na tano na ishirini, kwa unene huu, rangi ni kahawia ya kufanana pande zote na ngozi ni nzima. Kama rangi bado ni hafifu wakati nyama imeiva, hapo sasa unaweza kuongeza moto kidogo kwa dakika moja au mbili za mwisho, ukigeuza bila kuacha. Nyama imekwisha kushikana na maji mengi ya juu yametoka, kwa hiyo ngozi inastahimili kile ambacho ingekikataa mwanzoni.

Kuiva hupimwa ndani. Mwenye kipimajoto cha nyama akiingize kwenye ncha, kwa urefu wa soseji, mpaka kifike katikati. Kwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe kinatakiwa kisome nyuzi 71, kwa kuku nyuzi 74. Pima ile nene kuliko zote, na ile iliyokaa pembeni ambako moto ni mdogo. Najua nitaambiwa kwamba hapa nami natoboa. Naam, lakini kwenye ncha ambayo ngozi yake ilikuwa wazi tangu mwanzo, na mwishoni, nyama ikiwa imeshika maji yake. Tundu la dakika ya kumi na saba si sawa na matundu kumi na mawili ya kabla ya moto.

Asiye na kipimajoto aikate moja katikati, ile nene, na akubali kwamba hiyo ndiyo ya mpishi. Nyama iwe imeshikana, yenye chembechembe zinazoonekana, isiwe laini na yenye kunata kama iliyosagwa sasa hivi. Maji yanayotoka yawe safi, yasiwe na wekundu. Mvuke wa moto utoke katikati, siyo pembeni tu. Kuhusu rangi ya nyama nasisitiza tahadhari kwa pande zote mbili. Soseji iliyotiwa chumvi za kuhifadhi nyama inaweza kubaki ya waridi hata ikiwa imeiva kabisa. Na nyama ya ng'ombe ya kusaga wakati mwingine hugeuka kahawia kabla haijafika nyuzi 71. Ndiyo maana mguso na maji yake hutangulia rangi. Ukiibonyeza kwa koleo, iliyoiva hurudi, na mbichi hubaki na shimo.

Mwenye jiko la mkaa ataniambia kwamba mwali wa kupunguza hana. Ana mlango wa jiko, na ana majivu. Subiri mkaa upite ukali wake, ufunikwe na majivu meupe, toa vipande viwili vitatu, funga mlango karibu wote. Ikiwa bado ni mkali, tia kwenye kikaango maji ya kimo cha nusu sentimita pamoja na soseji. Maji hayo huzuia chuma kupita nyuzi 100 mpaka yatakapokauka, na muda huo nyama hushikana kwa usalama. Yasichemke kwa kububujika, yatoe vipovu vidogo tu, na ugeuze kama kawaida. Yakikauka, mafuta ya soseji yenyewe hubaki chini, na dakika tano sita za kugeuza huleta rangi. Wapishi wa shughuli wenye soseji mia moja hawawezi kusimama juu ya kikaango kimoja, na wao ningewashauri njia hii hii kwa sufuria kubwa: maji ya nyuzi 75 hadi 80, yasiyochemka, mpaka kiini kifike 71, kisha rangi kwenye kikaango.

Hoja inayobaki ni ya muda na gharama, na ni hoja ya haki. Mama mwenye watoto wawili wa kupeleka shule saa kumi na mbili na nusu hana dakika ishirini za kusimama. Lakini hazihitaji kusimama zote. Ni sekunde kumi kila baada ya dakika mbili, na katikati yake chai inatiwa, mikate inapakwa siagi. Upande wa pili wa mizani, kuzamisha soseji kwenye mafuta kunataka nusu lita ya mafuta ya kupikia, ambayo baada ya hapo yana harufu ya soseji na chembe za nyama zilizoungua, hayafai tena kwa maandazi. Kijiko kimoja cha chai dhidi ya nusu lita: kwa bei ya mafuta ilivyo, sioni ni nani anayeokoa.

Na ikitokea moja imepasuka licha ya yote, kwa sababu ngozi ilikuwa na udhaifu tangu kiwandani au kwa sababu mtoto aliongeza gesi ulipogeuka, usiitoe ikiwa mbichi wala usianze kuzitoboa zile nyingine. Geuza ufa uangalie juu ili mafuta yasimwagike yote, punguza moto, iache hapo mpaka wenzake waive. Zitoe zote kwenye sahani, uziache dakika tatu kabla ya kukata. Maji ya nyama yaliyo karibu na ngozi yakipoa kidogo huacha kuruka kisu kikigusa, na mtoto hatachomeka ulimi.